Lebo Tatu, Chupa Moja: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Dizaini za Lebo ya Kiswahili na Kiingereza

Dizaini tatu zilikuwa zimepangwa kwenye skrini ya kompyuta, kila moja imejaa rangi na picha ya pilipili nyekundu, na mwenye biashara akataka nimwambie ipi nzuri. Ni mama wa Tanga anayetengeneza sosi ya pilipili na ukwaju katika chupa za kioo za mililita 250. Nikamwomba radhi: sikuweza kumjibu siku ile. Kwenye skrini, dizaini zote tatu zilipendeza. Skrini hukuonyesha lebo ikiwa bapa, imekuzwa na inang'aa. Mnunuzi huiona ikiwa imezunguka chupa, kwa ukubwa wake halisi, chini ya taa ya duka.

Hapa naeleza tulivyozilinganisha, hatua kwa hatua, ili nawe ufanye hivyo kwa bidhaa yako, iwe sosi, asali, juisi au mafuta ya nazi. Vifaa ni rula ya milimita, printa ya kawaida, mkasi, gundi ya karatasi, simu yenye kamera na chupa zako zilizojazwa.

Anza na maneno, dizaini ingoje kwanza

Kosa kubwa kuliko yote ni kulinganisha lebo ambazo hazijabeba maandishi kamili. Mtu wa dizaini huweka mistari ya kujazia nafasi, mpangilio unatoshea vizuri, mteja anaupenda. Yanapokuja maneno halisi ya lugha mbili hayaingii, na kinachopunguzwa ni ukubwa wa herufi za orodha ya viambato.

Kwa hiyo andika kwanza orodha yako. Kiwango cha kimataifa cha Kodeksi kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, CXS 1-1985, kinataka viambato vipangwe kwa uzito, kizito kwanza, kwa kipimo kilichoingia wakati wa kutengeneza. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu, EAS 38. Kama unauza Tanzania, ofisi ya kuiendea ni TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula. Kenya ni KEBS. Pata nakala ya kiwango kinachotumika sasa kabla hujalipa mtu wa dizaini.

Nilimwomba mama aniletee daftari lake la mapishi, nisiandike kwa kumbukumbu. Sufuria moja ya kilo 40 ilikuwa na maji kilo 12, pilipili mbuzi 9.6, ukwaju 8, sukari 4, siki 3.2, kitunguu saumu 1.4, chumvi 1.2, sosi ya soya 0.56 na sodiamu benzoeti 0.04. Jumlisha, utapata 40 kamili. Ikiwa hesabu yako haifungi, kuna kitu umesahau, na mara nyingi ni maji.

Maji ndiyo yaliyotuletea mjadala. Mama hakupenda yawe neno la kwanza. Aliona yanaishusha sosi yake. Namwelewa, lakini kilo 12 ni nyingi kuliko 9.6, na orodha inayoanza na pilipili ingekuwa imedanganya. Kilichomsaidia ni asilimia. Kwa kuwa jina na picha ya lebo vinasisitiza pilipili na ukwaju, kiasi cha vitu hivyo viwili kinapaswa kuonyeshwa: 9.6 kati ya 40 ni 24%, na 8 kati ya 40 ni 20%. Sosi yenye 24% ya pilipili mbuzi haina cha kuonea aibu.

Jambo la pili ni sosi ya soya. Ni 1.4% tu ya sufuria, na yenyewe imetengenezwa kwa maji, soya, ngano na chumvi. Kodeksi inaruhusu kutochambua kiambato mchanganyiko kilicho chini ya 5%, lakini ruhusa hiyo haihusu vitu vinavyoleta mzio, na soya na ngano ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa hilo. Kwa hiyo lazima vionekane hata kama ni vijiko vichache.

Orodha yetu ya Kiswahili ikawa hivi:

*Viambato: maji, pilipili mbuzi (24%), ukwaju (20%), sukari, siki, kitunguu saumu, chumvi, sosi ya soya (maji, soya, ngano, chumvi), kihifadhi (sodiamu benzoeti, INS 211). Ina soya na ngano.*

INS 211 ni namba ya kimataifa ya kihifadhi hicho. Tulichagua neno *viambato* kwa makusudi. Lebo nyingi huandika *viungo*, lakini jikoni kwetu viungo ni mdalasini, hiliki, bizari na pilipili manga. Mtu akisoma "Viungo: maji, sukari" anasita kidogo, na mwingine huruka sehemu hiyo akidhani ni habari ya manukato tu. Kama wateja wako hawalizoei neno *viambato*, andika "Vilivyomo". Hilo kila mtu analielewa.

Hesabu herufi za kila lugha

Mafundi wa dizaini wana usemi kwamba Kiswahili ni kirefu mno, kwa hiyo lazima kiandikwe kidogo. Usiukubali wala kuukataa kabla hujahesabu.

Sisi tulihesabu herufi pamoja na nafasi na alama. Orodha ya viambato kwa Kiswahili, hiyo uliyoisoma hapo juu, ina herufi 189. Ya Kiingereza, kiambato kwa kiambato, ilitoka na 192. Yaani Kiswahili kilikuwa kifupi kidogo! Maneno kama siki, chumvi na ukwaju hayachukui nafasi kubwa.

Urefu ulijitokeza kwenye maelekezo: *Hifadhi mahali pakavu na penye ubaridi. Ukishafungua, weka kwenye friji na utumie ndani ya wiki 6. Tikisa kabla ya kutumia.* Hizo ni herufi 123, na kwa Kiingereza zilikuwa 94, karibu theluthi moja zaidi upande wetu. Ukijumlisha yote, Kiswahili ni 312 na Kiingereza 286. Tofauti ni 9%.

Namba hizo mbili ndizo zitakazoamua mizani ya lugha mbili kwenye lebo yako. Usigawe nafasi nusu kwa nusu halafu ukaacha kompyuta ipunguze herufi za lugha iliyozidi. Panga kwanza ukubwa wa herufi, uwe ule ule kwa lugha zote mbili, kisha kila lugha ipewe mistari inayohitaji.

Pima chupa yako

Zungushia chupa kipande cha karatasi mahali lebo itakapokaa, weka alama yanapokutana, halafu pima. Chupa ya mama ina kipenyo cha milimita 60 na mzunguko wa milimita 188. Pima juu na chini ya eneo hilo. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja au mbili, chupa imechongoka na lebo iliyonyooka itajikunja. Lebo zetu zilikuwa na urefu wa milimita 180 na kimo cha 70, zikabakisha upenyo wa milimita 8 nyuma.

Sasa jambo ambalo wengi hawalipimi. Ukitazama chupa ya duara kutoka mbele, huoni nusu nzima ya mzunguko kwa uzuri. Herufi zilizo katikati zinaonekana kamili, lakini kadiri zinavyokwenda pembeni zinabanwa. Kwenye pembe ya digrii 60 kutoka katikati, herufi inaonekana kwa nusu ya upana wake. Eneo linalosomeka bila kugeuza chupa ni takriban digrii 45 kila upande, ambalo kwa chupa ya kipenyo cha 60 ni milimita 47. Kwa kipenyo kingine, zidisha kipenyo kwa 0.785.

Kila kinachopaswa kusomwa kwa mtazamo mmoja kikae ndani ya upana huo. Jina la bidhaa na ujazo halisi vinatakiwa kuonekana pamoja katika mtazamo mmoja, kwa hiyo kama jina liko katikati na "250 ml" imesogea milimita 40 pembeni, kwenye karatasi bapa utasema ziko pamoja, na kwenye chupa haziko.

Chapa kwa ukubwa halisi, bandika, jaza

Chora mstari wa milimita 50 pembeni mwa kila dizaini kabla ya kuchapa. Kwenye mipangilio ya printa chagua 100%, maana printa nyingi hupenda kupunguza kidogo ili kazi itoshee ukurasa. Kisha pima ule mstari kwa rula. Ukiwa na milimita 48, vipimo vyako vyote vya baadaye vitakuwa vya uongo. Lebo ya milimita 180 inaenea vizuri kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa.

Bandika kila dizaini kwenye chupa iliyojaa bidhaa yenyewe. Chupa tupu au yenye maji ya rangi haitakuonyesha jinsi rangi ya sosi inavyokaa na rangi ya lebo.

Dizaini zetu tatu zilikuwa hivi. Ya kwanza, niiite A, ilikuwa na uso mmoja wa mbele wenye jina kwa lugha zote mbili, na nyuma kibandiko cha upana wa milimita 48 kilichogawanywa nguzo mbili, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Ya pili, B, ilikuwa na nyuso mbili: upande mmoja chupa nzima ni ya Kiswahili, ukigeuza ni ya Kiingereza. Ya tatu, C, ilikuwa na uso mmoja wa mbele wa milimita 66 katikati, jopo la Kiswahili la milimita 57 kuliani mwake na la Kiingereza la upana huo huo kushoto. C ilikuwa imechorwa kwenye plastiki angavu, herufi zake nyeupe.

Kulinganisha mizani

Simama hatua tatu kutoka chupa, finya macho mpaka maneno yasisomeke, yabaki madoa tu. Jiulize doa lipi linakuvuta kwanza. Kisha piga picha na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu. Rangi zinapoondoka, unaona uzito wenyewe.

Kwenye A, jina la Kiingereza lilikuwa limeandikwa kwa herufi nene na la Kiswahili kwa nyembamba zenye mkunjo, ingawa kimo chake kilikuwa sawa. Kwa rula zililingana. Kwa jicho lililofinywa, Kiswahili kilipotea. Ndiyo maana kupima kimo peke yake hakutoshi. Linganisha pia unene wa wino.

Mizani si lazima iwe usawa. Kama soko lako ni Tanga, Mombasa na Unguja, Kiswahili kinaweza kuwa kikubwa kwenye jina na Kiingereza kikawa chini yake, kidogo. Hilo ni chaguo halali la biashara. Lakini chaguo hilo liishie kwenye jina na mapambo. Kwenye viambato, mzio, tarehe na namna ya kuhifadhi, lugha zote mbili ziwe na herufi za ukubwa mmoja na unene mmoja, kwa sababu anayesoma sehemu hiyo anatafuta kitu kinachoweza kumdhuru yeye au mtoto wake.

B ilikuwa na mizani nzuri kuliko zote mezani. Tulipopanga chupa sita kwenye rafu, baadhi zikageukia Kiswahili na baadhi Kiingereza, zikaonekana bidhaa mbili tofauti. Muuza duka hana muda wa kugeuza kila chupa. Daima jaribu na chupa sita au zaidi kwenye rafu.

Kulinganisha usomekaji

Pima kimo cha herufi ndogo isiyo na mkia wala shingo, kama *x*, *a* au *m*. Hiki ndicho kipimo kinachoamua kama mtu atasoma. Ukubwa unaoandikwa kwenye programu hutofautiana kutoka fonti moja hadi nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 1169 ya 2011, inataka kimo hicho kisipungue milimita 1.2, au 0.9 kwa vifungashio ambavyo uso wake mkubwa uko chini ya sentimita 80 za mraba. Hata kama huuzi Ulaya, 1.2 ni kipimo kizuri cha kujiwekea.

Kwa fonti ya kawaida yenye kimo hicho, herufi moja huchukua wastani wa milimita 1.2 za upana, na mstari pamoja na nafasi yake milimita 3 za kimo. Ukiyajua hayo mawili unaweza kukagua dizaini kabla hata ya kuchapa.

Tuijaribu A. Kila nguzo ina upana wa milimita 20 baada ya kutoa pambizo, yaani herufi 16 kwa mstari. Maneno "pilipili mbuzi (24%)," peke yake ni herufi 21, kwa hiyo hayakai mstari mmoja. Herufi 312 kugawa kwa 16 ni mistari 20, lakini maneno hayagawanyiki sawasawa, kwa hiyo kiuhalisia ilikuwa 24. Mara milimita 3 ni 72, na lebo ina kimo cha 70. Haiingii. Nilipopima kwa rula, kweli, Kiswahili kilikuwa kimepunguzwa hadi milimita 0.8 na Kiingereza hadi 1.0. Fundi hakuwa na ubaya. Nguzo nyembamba ndizo zilizomlazimisha.

Kwenye C, jopo la milimita 57 likitolewa pambizo ya 5 kila upande linabaki 47, herufi 39 kwa mstari. Viambato vilichukua mistari 6 na maelekezo 4, jumla milimita 30, kwa kimo kamili cha 1.2. Kiingereza kilichukua mistari 9, milimita 27. Maneno yale yale, chupa ile ile. Kilichobadilika ni umbo la nafasi tu.

Angalia pia jinsi maneno yanavyokatwa mwisho wa mstari. Programu nyingi hukata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, ndiyo maana kwenye A tulikuta "kih-" mstari mmoja na "ifadhi" chini yake. Silabi zetu huishia na irabu karibu zote: ki-hi-fa-dhi. Zima ukataji wa maneno kabisa, na usawazishe mistari upande wa kushoto tu. Ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke, Kiswahili chenye maneno marefu huacha mapengo makubwa katikati ya mstari.

Kisha rangi. Maandishi madogo yawe ya wino mmoja mweusi juu ya rangi nyepesi. Herufi nyeupe ndani ya nyekundu huonekana vizuri kwenye skrini, lakini nyekundu hiyo huchapwa kwa wino zaidi ya mmoja, na wino mmoja ukisogea hata sehemu ndogo ya milimita, matumbo ya *a* na *e* huzibwa.

Hapo ndipo C ilipoharibika. Herufi zake nyeupe kwenye plastiki angavu zilisomeka sana juu ya sosi nyekundu iliyokoza. Mama akamimina nusu ya sosi kwenye bakuli, tukaitazama tena. Viambato vilivyokuwa juu ya usawa wa sosi sasa vilikuwa herufi nyeupe juu ya kioo kitupu, na nyuma yake ukuta mweupe. Havikuonekana. Mteja husoma lebo tena nyumbani chupa ikiwa nusu, mgeni mezani anapouliza kuna nini humu. Lebo angavu yoyote ijaribu ikiwa imejaa, ikiwa nusu na ikiwa imekwisha.

Kulinganisha habari za viambato

Chukua karatasi, chora safu mbili, uandike viambato vya Kiswahili upande mmoja na vya Kiingereza upande wa pili, kama vilivyo kwenye lebo iliyochapwa. Usinakili kutoka faili lako la mwanzo, kwa sababu makosa huingia wakati wa kupanga dizaini. Unganisha kila kiambato na mwenzake kwa mstari. Mistari ikikatizana, mpangilio wa lugha mbili haufanani. Neno likibaki bila mstari, kuna kilichoachwa.

Kwenye B tulikuta neno lililobaki. Upande wa Kiingereza sosi ya soya ilikuwa na mabano yake yote. Upande wa Kiswahili iliandikwa "sosi ya soya" basi, na sentensi ya "Ina soya na ngano" haikuwepo. Fundi aliona mstari mmoja umezidi akaufuta. Msomaji wa Kiingereza angejua kuna ngano. Msomaji wa Kiswahili asingejua. Jambo hilo linaniuma kila ninapoliona, na si mara moja nimeliona: lugha ya wateja wengi ndiyo inayopewa habari pungufu.

Kwa hiyo onyo la mzio lisimame katika mstari wake, mara baada ya orodha, kwa herufi nene, katika kila lugha. Hata anayeruka mabano yote atalikuta.

Kwa upande mwingine, kisichobadilika kwa lugha kiandikwe mara moja: "250 ml", jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Tarehe ziwe na kichwa cha lugha zote mbili na namba moja. Onyesha wazi kwamba ni siku, mwezi, mwaka, maana 03/04 inaweza kusomwa kwa namna mbili. Nafasi inayookolewa hapo ndiyo inayolipia herufi kubwa za viambato.

Msimbo wa mistari, ule unaosomwa na mashine ya kaunta, pia unataka nafasi. Kwa ukubwa wake mdogo unaoruhusiwa, 80%, ni kama milimita 30 kwa 21. Kwenye chupa nyembamba ugeuze ili mistari yake ilale kama vipago vya ngazi. Ukisimamisha mistari, ya pembeni huzama kwenye mzunguko na mashine hukataa. Kwenye C uliingia chini ya Kiingereza: 27 na 30 ni 57, inabaki nafasi ya kupumua ndani ya kimo cha 70.

Wape watu wasome

Tuliwaomba watu 12, wanne kwa kila dizaini. Mtu mmoja aone dizaini moja tu, kwa sababu akishajua kuna soya kwenye A, ataitafuta kwenye B na kuipata haraka. Wachanganye: wanaosoma Kiswahili peke yake, wanaosoma Kiingereza zaidi, na hakikisha wapo waliovuka miaka 45, maana macho ya karibu huanza kuchoka umri huo. Wasome kwenye mwanga wa duka jioni, chupa ikiwa mkononi.

Uliza maswali matatu, ukiwa na saa ya simu. Kitu gani kimo kwa wingi zaidi? Mtu asiyekula ngano anaweza kutumia sosi hii? Ukishafungua, utaiweka wapi na kwa muda gani? Usiulize "unaipenda?". Watu wetu ni wapole, watasema wanaipenda.

Mzee mmoja wa kike aliyepewa A aliizungusha chupa mara mbili, akanyoosha mkono wote, kisha akaniambia, "Mwanangu, nisomee wewe, hapa mmeandika kwa sindano." Nikamwuliza, "Kwani mama, ungekuwa dukani ungefanyaje?" Akajibu, "Ningeirudisha." Kwa upande wa ngano, watu wa A wawili walikata tamaa, na wa B waliosoma Kiswahili walijibu kwa uhakika kabisa kwamba inafaa. Jibu la uhakika lisilo sahihi ni baya kuliko kukata tamaa. Wanne wa C wote waliipata ngano, chupa ikiwa imejaa.

Watu 12 hawatoshi kukwambia asilimia ngapi ya wateja wataelewa. Wanatosha kukuonyesha mahali lebo inapokwama. Watu wawili wakikwama mahali pamoja, rekebisha pale.

Kuamua, na kurekebisha iliyoshinda

Usijumlishe alama za vigezo vitatu kama mtihani wa shule. Ukifanya hivyo, lebo yenye mizani nzuri na viambato pungufu inaweza kushinda, na B ingeshinda kwetu. Viambato viwe mlango wa kwanza: dizaini ambayo lugha zake hazifanani inarudishwa, hata ikipendeza vipi. Mlango wa pili ni kimo cha herufi kwenye chupa. Zilizopita milango yote miwili ndizo unazolinganisha kwa mizani na uzuri.

Kosa la maneno husahihishwa kwa dakika kumi, kwa hiyo B ingeweza kurudi. Tuliiacha kwa sababu ya rafu. A ingehitaji kupangwa upya kabisa. C ilihitaji jambo moja: chini ya majopo mawili ya maandishi tulimwomba mchapaji aweke wino mweupe uliojaa, kisha herufi nyeusi juu yake. Uso wa mbele ukabaki angavu ili sosi ionekane. Tukamimina tena nusu chupa, na safari hii kila neno likabaki pale.

Kabla ya kuagiza maelfu, omba sampuli iliyochapwa kwenye plastiki na wino halisi utakaotumika. Rudia ule mchoro wa safu mbili kwa maandishi ya sampuli hiyo, hata kama uliufanya wiki iliyopita. Kisha itumbukize chupa moja kwenye ndoo ya maji na barafu usiku kucha, asubuhi paka mafuta kidogo kwenye vidole na usugue juu ya orodha ya viambato na juu ya tarehe. Tarehe ndiyo hufutika kwanza, kwa sababu huchapwa mwishoni na mashine tofauti. Ya mama ilifutika jaribio la kwanza. Ikabidi ile sehemu ya tarehe iachwe bila ile rangi ya juu ya kung'arisha, ili wino upate mahali pa kushika.

Sampuli iliyopita majaribio hayo itieni saini, wewe na mchapaji, chupa moja ibaki kwako na moja kwake. Shehena ikifika, toa lebo kumi kutoka maboksi tofauti, uzilinganishe na chupa hiyo kwa rula mkononi.